Upande wa Kushoto wa Sifuri

Kahindo Domitille alirudi shuleni akiwa na miaka thelathini na sita, na mwaka wa pili akajikuta darasa moja na binti yake.

Hakupanga iwe hivyo. Alikuwa ameacha masomo huko Butembo, mwaka wa tano wa sekondari, mimba ya Glodie ilipoanza kuonekana chini ya sketi ya bluu. Baadaye aliolewa na baba wa mtoto, Mumbere Eugène, wakahamia Bunia. Eugène akaingia biashara ya kubeba bidhaa kati ya Ariwara na Bunia, na Domitille akazaa wengine watatu. Maisha yalienda. Lakini kila mwaka, wanafunzi wa darasa la sita, la mwisho la sekondari, walipotoka kwenye Mtihani wa Serikali wakiimba barabarani, yeye alikuwa anasimama mlangoni kuwatazama mpaka wanakwisha kupita, na chakula kinaungua jikoni. Eugène aliliona hilo. Siku moja, akila maharage yenye harufu ya moshi, alimwambia mke wake kwamba ni nafuu arudi shule kuliko kuendelea kuwaunguzia sufuria.

Prefe, mkuu wa shule ya mtaani kwao, alimpokea, akampa mtihani wa kumpima, akamwingiza darasa la tano la hisabati na fizikia. Alifaulu vizuri, akapanda la sita. Shule hiyo ilikuwa na darasa la sita moja tu la hisabati na fizikia. Glodie alikuwa humo tayari, ametoka mkondo wa pili wa darasa la tano, anakaa benchi ya mbele.

Glodie alikuwa na miaka kumi na minane, mwepesi wa akili na mwepesi wa kuona haya. Alimpenda mama yake sana nyumbani. Shuleni alimwomba mambo mawili: asikae naye benchi moja, na asimwite “mutoto wangu” mbele ya watu. Domitille alikubali. Alikaa nyuma karibu na dirisha, blauzi nyeupe, kitenge cha bluu alichoruhusiwa kuvaa badala ya sketi, na wenzake wote wakamwita Mama Domi.

Mwalimu wao wa hisabati alikuwa Gaspard, mtu mrefu mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. Mwezi wa pili alifika kwenye funksio ya eksponansieli, yaani e kwa kipeo x. Alichora ubaoni mkunjo wa e^x, ule unaotoka chini kushoto karibu kabisa na sakafu, unapita kwenye 1 pale x ikiwa sifuri, halafu unapanda kama mtu aliyekasirika. Akachora na mstari ulionyooka, x + 1, ambao unaugusa mkunjo pale pale kwenye sifuri na si mahali pengine. Huo ndio tanjanti, alisema. Ukiangalia picha unaona mkunjo uko juu ya mstari kila mahali, isipokuwa pale wanapogusana. Lakini picha ni shahidi, alisema, siyo hukumu. Nani atahakikisha?

Glodie alikuwa amesimama kabla mwalimu hajamaliza. Alikwenda ubaoni, akaeleza kwa haraka na vizuri. Kwenye sifuri, mkunjo na mstari viko pamoja, vyote ni 1. Derive ndiyo inayosema kitu kinapanda kwa kasi gani. Derive ya mstari ni 1, haibadiliki. Derive ya e^x ni e^x yenyewe, na x ikizidi sifuri, e^x inazidi 1. Kwa hiyo wawili wanaondoka mahali pamoja na mmoja anapanda kwa kasi kuliko mwingine. Huyo wa kasi hawezi kuwa chini.

Darasa lilipiga makofi. Gaspard naye alipiga, kisha akauliza: “Na kushoto?”

“Kushoto ni vile vile, Mwalimu.”

Gaspard hakumbishia. Alimwomba tu ahesabu derive pale x ni kasoro moja. Glodie aliandika: e kwa kipeo kasoro moja, kama 0,37. Ni ndogo kuliko 1. Alisimama na chaki mkononi. Upande wa kushoto mkunjo ulikuwa unapanda polepole kuliko mstari. Kwa hoja yake mwenyewe, basi, ungepaswa kuwa chini. Na picha ilisema uko juu.

Kengele ililia. Gaspard alifuta ubao akasema waende nayo nyumbani.

Juma hilo hilo Gaspard aliwapa jaribio la kuchagua watu wawili watakaoiwakilisha shule kwenye shindano la hisabati la shule za mji. Alisahihisha, akabandika majina mlangoni. Wa kwanza alikuwa Glodie. Wa pili alikuwa mama yake.

Glodie aliyasoma, akarudi nyumbani bila kumngoja mtu. Alipofika alilia jikoni, akasema watu watacheka, watasema familia moja imekuja kula nafasi mbili, na ukumbi mzima utamwangalia mama yake badala ya kuangalia hesabu. Domitille alimsikiliza huku anachambua mboga. Kesho yake alikwenda kwa Gaspard, akamwomba ampe nafasi yake mtoto wa tatu. Gaspard alikataa kabisa. Alimwambia kwamba karatasi yake ilikuwa ya pili na karatasi haina umri.

Kwa hiyo siku ya Mungu, wakitoka kanisani, walikuwa wanatembea wawili, Glodie akitangulia hatua kadhaa. Wadogo walikuwa wametangulia mbali na shangazi yao. Nyumba yao iko juu ya mteremko, na kutoka bondeni kuna njia mbili: moja ya pikipiki inayozunguka taratibu, nyingine ya miguu inayopanda moja kwa moja kati ya migomba. Domitille alisimama pale njia zinapoachana.

Swali la kushoto lilikuwa limemkaa kichwani juma zima. Aliligeuza wakati anafua, aliligeuza wakati wa mahubiri, Mungu amsamehe.

“Glodie,” alisema, “tuseme weye na miye tunafika ku mulango wa nyumba pamoja. Weye umepanda sana, miye nimepanda kidogo tu. Wakati tulianza, nani alikuwa chini?”

Glodie alikuwa hataki kujibu, lakini swali lilimshika. “Miye.”

“Na miye?”

“Weye ulikuwa juu yangu. Kama ulipanda kidogo na tumefika pamoja, ni kusema ulianzia juu.” Alimgeukia mama yake. “Mama. Ule mukunjo.”

“Njo hiyo. Kushoto hawatoki pamoja. Wanakuja kukutana. Mwenye anapanda polepole, kama watakutana, ni lazima alikuwa juu.”

Waliketi pale pale kwenye jiwe kando ya njia, na nguo za kanisani. Glodie alitafuta kijiti akaandika kwenye vumbi. Alichukua tofauti ya viwili hivyo, e^x kasoro x kasoro 1, akaiita f. Derive yake ni e^x kasoro 1. Kushoto kwa sifuri hiyo derive ni hasi, maana yake f inashuka, inashuka, mpaka inafika sifuri kamili pale x ni sifuri. Kitu kinachoshuka mpaka kufika sifuri kilikuwa juu ya sifuri kabla. Kulia derive ni chanya, f inapanda kutoka sifuri, inabaki juu. Kwa hiyo sifuri ndiyo sakafu ya f, na f inaigusa mara moja tu. Alipiga kijiti chini.

Mtu wa pikipiki alipita akawauliza kama wamepoteza kitu. Walimjibu kwa pamoja kwamba hapana, wamepata. Wakaanza kucheka, wakacheka mpaka Domitille akashika ubavu. Walipanda nyumbani wameshikana mikono, na kuanzia siku hiyo walifanya hesabu pamoja kila jioni baada ya chakula, wadogo wakiwaletea maji kama watu wazima wenye kikao.

Shindano lilifanyika siku ya posho, Jumamosi, kwenye ukumbi wa parokia. Shule zilikuja na ngoma. Gaspard alivaa koti. Aliyeongoza baraza la waamuzi alikuwa Élisée, msaidizi wa profesa kwenye chuo kimoja cha mji, kijana mpole mwenye miwani, na sauti yake iliwafanya watu wainame mbele kusikiliza.

Domitille alipoingia na kitenge chake cha bluu, kweli watu waligeuka. Mzazi mmoja alimwonyesha mahali pa wazazi. Glodie alikuwa nyuma yake, na uso wake ulikuwa umewaka moto, lakini alimtangulia akasema kwa sauti iliyosikika mpaka viti vya mwisho: “Huyu ni mama yangu, na ni mwenzangu. Siye wawili tuko washindani.” Mzazi yule aliomba radhi, na wanawake waliokaa karibu naye walipiga vigelegele.

Shule zilitolewa moja moja. Mchana jozi mbili zilibaki zimelingana: mama na binti upande mmoja, na upande mwingine Lionel, kijana wa shule moja kubwa ya mjini, pamoja na rafiki yake. Lionel alikuwa mzuri kweli. Tangu asubuhi hakukosea hata ishara.

Élisée aliandika swali la mwisho kwenye mbao zote mbili. Kati ya e^π na π^e, ipi ni kubwa? Kalkulatris, zile mashine za kuhesabu, na simu ziwekwe mbali, na jibu bila hakikisho halina alama.

Namba hizo mbili zinafanana kama mapacha: e ni kama 2,7 na π kama 3,1, na ukijaribu kubahatisha unashindwa, kwa sababu zote mbili zinaangukia karibu na ishirini na kitu.

Lionel alianza mara moja. Alipitia logariti. Aliunda funksio yake, x kasoro e mara logariti ya x, akaonyesha kwamba ni sifuri pale x ni e, na kwamba derive yake, 1 kasoro e juu ya x, ni chanya kwa kila x inayozidi e. Basi funksio inapanda kuanzia e, na π iko mbele ya e, kwa hiyo pale π ni chanya. Maana yake e^π ni kubwa. Ilikuwa safi. Watu wa shule yake walianza kupiga ngoma kabla hajakaa.

Glodie alisikia ngoma, akauangalia ubao wake. Alikuwa ameandika tu jambo waliloandika kwenye vumbi: e^x ni kubwa kuliko x + 1 kwa kila x, isipokuwa sifuri. Alijua jibu limekaa humo mahali fulani. Hakuona mlango.

Domitille alimkaribia, akaweka kidole ubaoni chini ya neno moja.

“Umeandika kila x,” alimwambia polepole. “Basi x ni yetu. Tuchague yenye tunataka.”

Glodie aliangalia kidole cha mama yake. Kisha akaandika, kwanza taratibu, halafu haraka: tuweke x = π/e − 1. Si sifuri, kwa sababu π si e. Kwa hiyo e kwa kipeo π/e − 1 inazidi π/e, kwa maana ile kasoro moja na ile jumlisha moja zinauana. Zidisha pande zote kwa e: e kwa kipeo π/e inazidi π. Pande zote ni chanya, zipandishe kwa kipeo e. Inabaki e^π inazidi π^e.

Mistari minne. Élisée alivua miwani, akaisoma tena bila miwani kana kwamba hiyo ingesaidia. Gaspard, kwenye kiti chake, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Waamuzi walishauriana. Mahakikisho yote mawili yalikuwa sahihi, na jozi zikabaki zimelingana. Élisée akasimama, akasema atauliza swali moja la mdomo kwa wote, na wa kwanza kujibu vizuri ndiye mshindi. Alifuta π akaweka 2. “e kipeo 2 na 2 kipeo e. Ipi ni kubwa, na sababu ni nini?”

Lionel aliinua mkono papo hapo. Alisema 2 ni ndogo kuliko e. Kabla ya e, derive ya funksio yake ni hasi. Ishara inageuka, kwa hiyo na jibu linageuka: 2 kipeo e ndiyo kubwa.

Domitille alisikia hayo, akageuka kumwangalia Glodie. Lilikuwa kosa la darasani kwao, limevaa nguo nyingine. Aliinua mkono. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kwake kusema mbele ya ukumbi, na sauti ilitoka ndogo, ikakua njiani.

“Mudogo wetu anasema kweli, derive iko hasi. Lakini derive haisemi kitu kiko juu ao chini. Inasema tu kinapanda ao kinashuka. Funksio yake, mbele ya kufika ku e, iko inashuka. Na ikifika ku e, iko sifuri. Sasa mwenye anashuka mpaka anafika sifuri, alikuwa wapi?”

Aliona vichwa vinaanza kuitikia, na cha Lionel kilikuwa cha kwanza.

“Alikuwa juu,” alisema Domitille. “Kwa hiyo hata pa 2 iko chanya. e kipeo 2 njo kubwa. Kwa njia yetu vile vile: x ni 2 juu ya e, toa 1. Ni hasi, iko kushoto ya sifuri. Na kushoto mukunjo unabakia juu ya mustari, sababu ile tofauti inashuka mpaka ku sifuri. Jibu haligeuke. Kwa namba yoyote chanya yenye si e, ni vile.”

Élisée alitazama mbao zote mbili. Kisha akamwambia mwenzake wa baraza atoe simu sasa, waone. Yule alihesabu, akasoma kwenye kipaza sauti: e kipeo 2, saba nukta tatu tisa, 2 kipeo e, sita nukta tano nane.

Kilichofuata hata Gaspard hawezi kukisimulia kwa mpangilio. Shule yao ilikuja na ngoma moja tu, lakini ngoma za shule nyingine zote zilijiunga. Wanawake walivua vitenge vya kiunoni wakavitandika chini ili mama na binti wapite juu yake. Glodie alimrukia mama yake shingoni, na wote wawili nusura waangushe ubao. Lionel alipenya katikati ya watu, akampa Domitille mkono kwa heshima, mikono miwili. Alimwomba amwonyeshe tena pole pole pale alipoteleza. Domitille alimwonyesha, kwenye kiganja chake mwenyewe, kwa kalamu, huku watu wanawasukuma huku na huku, mpaka kijana akacheka na kujipiga paji la uso.

Zawadi ilikuwa kalkulatris mbili. Ukumbi ulicheka sana, na Élisée alicheka kuliko wote.

Eugène hakuwepo. Lori lake lilikuwa limesimama njiani likingoja mengine ili yasafiri pamoja. Glodie alimpigia simu kutoka nje ya ukumbi. Alimweleza habari yote kwa pumzi moja, na π na e na kushoto na kulia, na Eugène, ambaye hisabati yake iliishia kwenye magunia, aliitikia kila mahali “ehe, ehe”. Mwisho aliuliza kitu kimoja tu, kama mama yake alisema mbele ya watu wote. Glodie alisema ndiyo. Eugène akasikika akiwaambia madereva wenzake, kwa sauti kubwa, kwamba mke wake ameshinda.

Miezi ya mwisho ilipita kwenye mazoezi. Gaspard alianza kuwatuma wanafunzi waliokwama kwa Mama Domi, na jioni baraza ya nyumba yao ilijaa vijana wa bluu na nyeupe, Glodie akiwafundisha wa fizikia upande huu, mama yake akiwafundisha wa hisabati upande ule. Mara nyingi walibishana kwa sauti kutoka pembe mbili, na vijana walikuwa wanaacha kazi zao wasikilize. Domitille aligundua kwamba alipokuwa anaeleza jambo na kuona uso wa mtu unafunguka, alisikia njaa yake yote ya miaka ile inashiba. Siku moja alimuuliza Gaspard kuhusu masomo ya ualimu. Gaspard alisema alikuwa anamngojea aulize.

Mtihani wa Serikali ulifika, wakaufanya, wakangoja. Matokeo yalitoka asubuhi yenye jua. Glodie alisoma simu, akampa mama yake, na Domitille alisoma majina mawili, akaketi chini kwenye kizingiti.

Eugène alikuwa nyumbani safari hii. Kwetu mtu akipata diplome anamwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka anafanana na mtu aliyetoka kwenye kinu cha unga, na Eugène alikuwa amenunua poda tangu juma lililopita, akaificha chini ya kitanda. Alitoka nayo akikimbia. Wadogo walitoka na sufuria wakizigonga kwa vijiko. Waendesha pikipiki walipiga honi, majirani walifungua milango, na jirani mmoja aliyekuwa amehamia karibuni, akiona mwanamke na msichana wote weupe kama roho wakicheza katikati ya barabara, alimuuliza Eugène ni nani kati yao aliyefaulu.

Eugène hakuwa na muda wa kueleza. Alimwekea kopo la poda mkononi, akamwambia amwage kwa wote wawili.